Serikali mtandao: hatua zake, na mahali mwananchi wa kijijini anapokwama

Serikali mtandao ni utoaji wa huduma za umma kupitia mifumo ya kompyuta na simu. Ofisi kuwa na tovuti tu hakutoshi. Mwaka 2001 watafiti Karen Layne na Jungwoo Lee waligawa ukuaji wake katika hatua nne, na mgawanyo huo unatumika hadi leo. Kwanza ofisi huweka taarifa na fomu za kupakua. Kisha mwananchi huomba na kulipia huduma mtandaoni. Hatua ya tatu ni pale ofisi za ngazi tofauti za sekta moja, tuseme wilaya na makao makuu, zinaposoma kumbukumbu zilezile. Ya nne ni pale taasisi za sekta tofauti zinapopeana taarifa zenyewe.

Ukitaka kujua huduma fulani iko hatua gani, uliza: nani anabeba karatasi kutoka ofisi moja kwenda nyingine?

Chukua mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu Tanzania Bara. Anajisajili kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na jina lake linatoka kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Hapo hakuna karatasi aliyobeba, mifumo imezungumza. Lakini cheti cha kuzaliwa ni lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kwa utaratibu uliozoeleka, anafungua akaunti nyingine kwenye mfumo wa RITA, anapandisha nakala ya cheti, anapewa kontroo namba, analipa na kusubiri majibu ndipo aendelee na ombi la mkopo. Kisha fomu inachapwa, inasainiwa na mdhamini, inapitia serikali ya kijiji na kwa kamishna wa viapo, halafu inaskaniwa na kurudishwa mtandaoni. Ombi moja, hatua zote zimechanganyika ndani yake.

Kwa mwenye kompyuta na bando mjini, hayo ni usumbufu wa siku chache. Kijijini kila kiungo kinachokosekana kati ya mifumo ni safari ya kwenda steshenari ya mjini: nauli, malipo ya kuskani, malipo ya kuchapa. Kibaya zaidi ni kinachofuata. Anayetumia kitochi hana barua pepe, hivyo kijana wa steshenari anamfungulia, na nywila inabaki kichwani mwa kijana huyo. RITA wakirudisha ombi kwa sababu nakala haisomeki, taarifa inaingia kwenye akaunti ambayo mwenyewe hawezi kuifungua. Anakaa nyumbani akiamini ombi linashughulikiwa, na dirisha la maombi linafungwa. Mfumo utaonyesha kwamba hakukamilisha ombi. Hautaonyesha kwamba hakuna aliyemfikishia habari.

Ndiyo maana nasema pengo la kidijitali halipimwi kwa minara ya simu peke yake. Mtandao unaweza kuwepo kijijini na mtu bado akakosa simujanja, umeme wa kuichaji, ujuzi wa kujaza fomu, au akaunti iliyo mikononi mwake.

Kuunganisha mifumo kunapunguza safari hizo, lakini kunafichua tatizo lililolala kwenye daftari. Mtoto alibatizwa Yohana, shuleni akaandikwa Johana, NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wakamwandikisha John. Karani mwenye macho angeona ni mtu mmoja. Kompyuta zinazolinganisha herufi zinaona watatu na kukataa. Kijijini wengi husajiliwa kuzaliwa ukubwani, cheti kinapohitajika, kwa hiyo tofauti kama hizo ni nyingi, na kuzirekebisha kunaanza na hati ya kiapo, kwa karatasi tena. Hivyo hatua ya nne, tunayoisubiri kama nafuu, inaweza kumfungia mlango yuleyule iliyokusudiwa kumsaidia.

Upo upande mmoja ambako muunganiko umefika hadi kijijini: malipo. Tangu mwaka 2017 mfumo wa GePG umekuwa ukikusanya malipo ya taasisi za umma kwa kontroo namba, na mtu hulipa kwa menyu ya pesa kwenye kitochi, bila intaneti, au kwa wakala aliye jirani. Ofisi inayodai inapata taarifa kwamba ameshalipa bila kuletewa risiti. Ulifanikiwa kwa sababu ulijengwa juu ya kifaa na watu ambao kijiji kilikuwa nao tayari.

Usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano umefuata njia hiyohiyo. RITA iliupeleka kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ikianza kuusambaza mkoani Mbeya mwaka 2013: mama anaondoka na cheti bila malipo, na taarifa za mtoto zinatumwa kwa simu kwenda kwenye kumbukumbu kuu. Hakuna anachotakiwa kupandisha, na jina linaandikwa mapema, mzazi akiwa hapohapo kulisahihisha.