Msiba usio na matanga: dhana potofu kuhusu kumuuguza mume

Dhana: Ukimkasirikia mgonjwa wako, basi humpendi.

Kazi yangu ni kuzunguka nyumba za wagonjwa hapa Lamu, na mama mmoja wa Langoni alinifungulia moyo tukiwa jikoni, mlango ameurudisha. Mumewe, fundi wa majahazi, alipatwa na kiharusi kilichoua upande wa kulia na kumbakishia neno moja tu: "haya". "Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "usiku mwengine namtazama namuona adui. Mungu anisamehe."

Sikumuuliza habari za mapenzi. Nilimuuliza analala vipi. Alikuwa ameelekezwa amgeuze mumewe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni, kwa hiyo aliamka saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, kisha adhana ya alfajiri. Kwa miezi saba hakuwa amelala saa mbili mfululizo. Mtu aliyenyimwa usingizi hivyo hukasirika upesi, awe na mapenzi kiasi gani.

Ukweli ni kwamba hasira yake ilikuwa na chanzo tunachoweza kukigusa. Nesi aliikagua ngozi penye kifandugu, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta baka lililokoza kuliko ngozi ya pembeni, lenye joto au ugumu, lisiloondoka baada ya kumgeuza. Hapakuwa na kitu. Basi tukatafuta godoro zito la povu, na nesi akakubali usiku ageuzwe kila baada ya saa nne, ngozi ikikaguliwa kila asubuhi. Baka likitokea, wangerudi kwenye saa mbili.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni sitara. Mama hakutaka mtu mwengine aone uchi wa mumewe, na kwa hilo namheshimu sana. Tulikunja shuka likatoka mabegani hadi mapajani, mgonjwa akafungwa kikoi, na ndugu yake wa kiume akafundishwa kumgeuza kwa kulivuta shuka bila kumfunua. Ndugu huyo alichukua zamu ya usiku mara mbili kwa wiki. Hasira haikwisha, lakini ilipungua hata mama mwenyewe akaona.

Iko hasira isiyongojea godoro. Ukijikuta unamvuta kwa nguvu, unamcheleweshea maji makusudi, au unawaza kumdhuru au kujidhuru, mwachie mtu mwengine mgonjwa na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Dhana: Ananifanyia makusudi.

"Wageni wakija anacheka. Kwangu mimi ni kununa tu." Hili lilimuuma kuliko usingizi. Kutwa mzima mzee aliketi barazani bila kuomba kitu wala kushika kitu, na mama akaona ni dharau.

Kiharusi kinaweza kuharibu ile sehemu ya ubongo inayomwanzisha mtu kutenda. Mgeni akiingia na salamu na kicheko, yeye ndiye anayeanza, na mgonjwa hufuata. Mke aliye naye kutwa kucha hana ugeni huo. Nilimwambia mama amtie kitana katika mkono wa kushoto, aupeleke mkono hadi kichwani, kisha auache. Mzee akaendelea kuchana mwenyewe. Mama akakaa chini akalia, kwa kuwa miezi yote ile alikuwa akigombana na jeraha la ubongo. Hata hivyo, huzuni kubwa baada ya kiharusi hufanana na hali hii na ina tiba yake, kwa hiyo daktari amwone.

Dhana: Aliye hai haliliwi.

Mama alimkosa mume aliyekuwa akimshauri, akimtania, akimlipia deni dukani, na huku mume yupo chumbani anangoja uji. Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, tangu miaka ya 1970 ameeleza msiba wa namna hii, ambapo mtu yupo na hayupo. Ni msiba kamili. Tofauti yake ni kuwa hauna matanga. Hakuna anayekuja kukaa nawe mkekani. Watu huuliza, "Mgonjwa hajambo?" na kupita. Tangu hapo mimi huuliza pia, "Na wewe je, umekosa nini naye?"

Dhana: Ukipata nafuu akifariki, ulikuwa ukimwombea afe.

Mzee alifariki mwaka wa tatu. Usiku wa mazishi mama alilala fofofo hadi alfajiri, akaamka na haya kubwa kwa kulala vizuri. Nilimwambia mwili ulikuwa umeachiwa zamu, na kwamba kulia alianza zamani.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Wiki ya tatu aliniambia anaamka tena saa nane za usiku, mkono wake unatafuta shuka la kuvuta.