Mfumo ambao kampuni imejitengenezea: gharama zake huanza lini kuhesabiwa kuwa mali?

Kampuni inapotengeneza mfumo wake wa kompyuta kwa kutumia wafanyakazi wake, swali linaloulizwa mara nyingi ni kama gharama hizo ziingizwe kwenye mizania kama mali isiyoshikika au zipelekwe zote kwenye faida na hasara ya mwaka. Wengi hudhani kwamba uamuzi huo ni hiari ya uongozi. Sivyo. Kwa kampuni inayofuata Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 38, masharti yakitimia ni lazima mali itambuliwe, na yasipotimia hairuhusiwi kutambuliwa, hata kama mradi umegharimu fedha nyingi kiasi gani. (Kampuni inayotumia toleo la 2015 la kiwango cha biashara ndogo na za kati haina haja ya kuumiza kichwa: huko gharama zote za utafiti na uendelezaji wa ndani huenda kwenye faida na hasara.)

Kwa hiyo kazi kubwa ya mhasibu ni kubaini tarehe. Kabla ya tarehe hiyo kampuni bado inatafiti: inalinganisha njia mbadala na kutafuta teknolojia itakayofaa. Baada ya hapo inaendeleza kitu inachokijua, na inaweza kuthibitisha mambo sita kwa pamoja, yaani kwamba mfumo unawezekana kukamilishwa kiufundi, kwamba inakusudia kuukamilisha, kwamba itaweza kuutumia au kuuza, kwamba utaleta manufaa ya kiuchumi, kwamba fedha na wataalamu wa kuumaliza wapo, na kwamba gharama zake zinapimika kwa uhakika. Kwa mfumo wa matumizi ya ndani, kupungua kwa gharama za uendeshaji kunatosha kuwa manufaa. Si lazima uuzwe.

Tuchukue kampuni ya usambazaji inayotengeneza mfumo wa kusimamia maghala na ankara, na ambayo mwaka wake wa hesabu unaishia tarehe 31 Desemba. Kuanzia Januari hadi Machi ilitumia milioni 30 kulinganisha mifumo na kuhoji wakuu wa maghala. Aprili hadi Juni ilitumia milioni 24 kujenga mfano wa majaribio, ili kujua kama mfumo ungehimili wingi wa miamala ya siku moja. Mwishoni mwa Juni jaribio lilifaulu, na tarehe 1 Julai bodi iliidhinisha bajeti ya kukamilisha kazi na kuwapangia watengenezaji mradi huo. Hapo ndipo masharti yote sita yalipotimia kwa mara ya kwanza.

Kuanzia Julai hadi Novemba zilitumika milioni 90 nyingine, lakini hata hizo haziingii zote. Mishahara ya watengenezaji, milioni 60, na seva za kujaribia mfumo, milioni 8, zinahusika moja kwa moja na utengenezaji. Mafunzo ya wafanyakazi wa maghala, milioni 5, na mgawo wa kodi ya ofisi kuu, milioni 7, havihusiki. Milioni 10 zilizopotea katika sehemu ya malipo iliyoandikwa vibaya ikatupwa nazo ni hasara ya mwaka. Mali ni milioni 68. Milioni 22 zilizobaki, pamoja na zile 54 za kabla ya Julai, jumla milioni 76, ni gharama za mwaka, na zile 54 haziwezi kurudishwa kwenye mali baadaye hata mfumo ukifanikiwa kupita matarajio.

Mambo huharibika kwenye ushahidi. Nimewahi kuletewa muhtasari wa kikao ulioonyesha kwamba mradi uliidhinishwa Februari, kumbe ripoti ya jaribio la kiufundi iliyotajwa ndani yake ilikuwa ya Mei. Karatasi za saa za kazi nazo zilikuwa zimejazwa kwa mkupuo mwishoni mwa mwaka, kila mtengenezaji akiwa na asilimia 80 ile ile kila mwezi. Hesabu za namna hiyo hazipimiki kwa uhakika, na nililazimika kuzikataa ingawa mfumo wenyewe ulikuwa ukifanya kazi vizuri. Saa ziandikwe kila wiki, zikitaja kazi iliyofanywa.

Mfumo wetu ukiwa tayari kutumika tarehe 1 Desemba, na ukikadiriwa kudumu miaka 5, thamani yake huanza kupunguzwa siku hiyo kwa milioni 13.6 kwa mwaka, na mwezi huo mmoja hubeba takriban milioni 1.13. Kama ungekuwa bado haujakamilika kufikia mwisho wa mwaka, usingepunguzwa thamani, bali ungepimwa kila mwaka kuona kama thamani yake inayoweza kurejeshwa imeshuka chini ya ile iliyoandikwa kwenye mizania. Marekebisho ya hitilafu baada ya Desemba ni gharama za matengenezo. Sehemu mpya kabisa, tuseme ya kupanga safari za magari, hupitishwa upya kwenye masharti yale yale sita, ikiwa na tarehe yake yenyewe.