Saluni yenye wateja wake inauzwa bei gani?

Saluni ikiuzwa Dar es Salaam, mara nyingi hutajwa bei moja tu: "Kilemba milioni kumi na nane, na kila kitu kimo." Ndani ya hicho kilemba kuna vitu vinne tofauti: vyombo, dawa zilizobaki, pango lililolipwa mbele, na jina pamoja na wateja wake. Vitatu vya kwanza vinahesabika kwa saa moja. Cha nne ndicho kinachogombanisha watu, kwa sababu hakishikiki mkononi na kinaweza kuondoka siku ileile muuzaji anapoondoka.

Tuchukue mfano wa saluni ya kike kwenye fremu ya Sinza, yenye viti vinne, wasusi watatu na mwenye saluni ambaye naye anafanya kazi. Kwa wastani inaingiza shilingi 5,000,000 kwa mwezi. Wasusi huleta 3,500,000 na hulipwa asilimia 40, yaani 1,400,000. Pango ni 400,000, dawa na bidhaa 750,000, umeme na maji 240,000, dada wa kuosha nywele na usafi 200,000, na ulinzi, taka, leseni na kodi kwa wastani 160,000. Jumla ya matumizi ni 3,150,000. Mwenye saluni hubaki na 1,850,000 na huiita faida.

Si yote hiyo ni faida. Ndani yake umo mshahara wake ambao hajajilipa. Kazi za mikono yake ni 1,500,000 kwa mwezi; angekuwepo msusi mwingine kwenye kiti chake angelipwa asilimia 40, yaani 600,000. Kufungua, kufunga, kununua dawa na kusimamia watu kungemgharimu mnunuzi kama 400,000 kwa msimamizi wa kuajiriwa. Ukitoa hizo mbili, biashara yenyewe inazalisha 850,000 kwa mwezi. Mnunuzi anayelipia ile 1,850,000 analipia jasho lake mwenyewe kabla hajalitoa.

Kabla ya kuziamini hesabu hizi, pata za miezi 12 kamili. Desemba na msimu wa harusi hufanya saluni yoyote ionekane tajiri, na Januari huifanya ionekane inakufa. Daftari peke yake halitoshi, maana linaweza kuandikwa upya wiki moja kabla ya mnunuzi kufika. Lilinganishe na taarifa ya miamala ya lipa namba, kisha na stakabadhi za dawa. Kama daftari linaonyesha vichwa 60 vya ritachi kwa mwezi, uliza ni makopo mangapi ya dawa yalinunuliwa, na umwombe msusi akuonyeshe kopo moja linatosha vichwa vingapi. Vikipishana sana, ama vichwa vimeongezwa, ama wasusi wanaleta dawa zao na fedha haipiti kwa mwenye saluni. Risiti za luku nazo husema ukweli, kwa kuwa drai zisizofanya kazi hazili umeme.

Sasa tuje kwenye wateja. Chukua daftari la miezi mitatu na uhesabu waliokuja angalau mara mbili. Kwenye mfano wetu ni 240. Kwa kila mmoja andika alihudumiwa na nani. Wateja 90 huja kwa mwenye saluni tu. Akiwa hayupo wanarudi kesho. Wengine 110 wana msusi wao. Arobaini waliobaki hukaa kwenye kiti chochote kilicho wazi. Hao 40 ndio wateja wa saluni hasa. Wale 110 ni wa saluni maadamu wasusi wapo. Wale 90 ni wa mtu, na mtu huyo ndiye anayeondoka.

Si busara kuwahesabu 90 wote kuwa wamepotea, kwani wengi wanaishi jirani na wamezoea mahali. Makadirio ya kupoteza nusu ni ya tahadhari. Nusu ya kazi za mwenye saluni ni 750,000 kwa mwezi. Hapo mnunuzi ataokoa asilimia 40 ya msusi, 300,000, na dawa kama asilimia 15, 112,500. Pengo halisi ni 337,500, hivyo faida inashuka kutoka 850,000 hadi 512,500 kwa mwezi, sawa na 6,150,000 kwa mwaka. Kwa saluni ndogo ya namna hii tunashauri jina na wateja vilipiwe kiasi cha faida ya mwaka mmoja iliyosahihishwa hivyo. Zaidi ya hapo inastahili pale tu wateja wengi hawajafungwa kwa mtu mmoja na mkataba wa fremu bado ni mrefu. Kama mwenye nyumba hutoa mkataba wa miezi sita sita na anaweza kukataa kuurudia, hata mwaka mmoja ni mwingi.

Kwa hiyo muuzaji anayetaka bei nzuri aanze kujiandaa mapema, kama miezi sita kabla. Apunguze kushika vichwa mwenyewe, awakabidhi wateja wake taratibu kwa wasusi wengine, na aandike kila kitu. Hesabu ya 90 ikishuka hadi 40, bei inapanda bila kununua kioo kimoja.

Vyombo havithaminiwi kwa bei vilivyonunuliwa dukani, bali kwa bei ambayo mtu angevichukua leo vikiwa vimetumika, pamoja na nyongeza ndogo kwa kuwa vimeshafungwa na vinafanya kazi. Vijaribu kimoja kimoja. Washa kila drai la kusimama kwa dakika 20 kwenye joto la juu: likijizima mapema au likinuka kuungua, lina kasoro. Kiti cha haidroliki kipandishe hadi mwisho, mkalishe mtu mzima dakika tano. Kikishuka polepole, pampu imekwisha. Stima ifungue uangalie hita yake. Maeneo mengi ya Dar hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye hita mpaka inachelewa kutoa mvuke na mwishowe inakatika. Sinki liangalie pale shingo ya mteja inapolala, ndipo nyufa huanzia. Taili, dari ya jipsamu na nyaya za ukutani usizilipie kama vyombo. Muuzaji hawezi kuving'oa, na mara nyingi mkataba wa pango huvihesabu kuwa mali ya mwenye nyumba.

Katika mfano wetu vyombo vimefika 3,700,000. Dawa ambazo hazijafunguliwa na hazijakaribia kuisha muda ni 300,000; makopo yaliyofunguliwa hayana bei. Pango lililolipwa mbele limebaki miezi mitatu, 1,200,000. Ukijumlisha na 6,150,000 unapata 11,350,000, si milioni 18. Muuzaji ataumia kusikia hivyo, na anastahili kuonyeshwa hesabu yote mstari kwa mstari badala ya kupunguziwa bei kwa ubishi.

Namna ya kulipa inalinda pande zote mbili. Vyombo, dawa na pango, jumla 5,200,000, vilipwe siku ya makabidhiano. Fedha ya jina na wateja igawanywe mara tatu: 2,050,000 siku hiyo, kiasi hichohicho baada ya miezi mitatu, na cha mwisho baada ya miezi sita. Awamu mbili za mwisho zifungwe kwenye kipimo kilichoandikwa, kwa mfano mapato yasishuke chini ya 4,000,000 kwa mwezi kwa wastani, na muuzaji awe na haki ya kuona daftari. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, uwe na orodha ya vyombo kwa namba na hali, na kifungu kwamba muuzaji hatafungua wala kufanya kazi saluni nyingine ndani ya eneo na muda uliotajwa, tuseme kilomita tatu kwa mwaka mmoja. Usiandike "mkoa mzima kwa maisha". Kizuizi kisicho na kiasi ndicho rahisi kupingwa mahakamani.

Kabla ya kusaini, nenda kwa mwenye nyumba. Huu ndio mtego mkubwa. Muuzaji hawezi kukuuzia fremu ya mtu mwingine, na mwenye nyumba asiyeshirikishwa anaweza kukuongezea kodi mwezi wa kwanza au kukutoa. Pata mkataba mpya kwa jina lako. Angalia pia kama jina la saluni limesajiliwa Brela na kwa jina la nani, kwani kibao cha nje si usajili. Namba ya mlipakodi ya muuzaji haihami. Utatumia yako, na leseni ya biashara utaiomba halmashauri kwa jina lako. Madeni ya dawa za mkopo, kamisheni za wasusi na luku yaandikwe ni ya nani hadi tarehe ipi.

Orodha ya wateja si daftari la kupeana tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa majina, namba za simu na kumbukumbu kama mzio wa dawa fulani. Wakati wa mazungumzo muuzaji aonyeshe idadi na tarehe za kuja huku namba zimefichwa. Biashara ikivunjika, mnunuzi asibaki na orodha. Mkishakubaliana, muuzaji mwenyewe awatumie wateja ujumbe kutoka namba wanayoijua: "Dada, saluni sasa iko chini ya Mama Fulani, wasusi wako ni walewale. Kama hupendi namba yako na kumbukumbu zako zibaki, nijulishe." Anayekataa afutwe. Zinazobaki ziwe na tarehe ya dawa ya mwisho, aina ya dawa na rangi. Bila hayo msusi mgeni anaweza kumtia mteja dawa juu ya dawa isiyopatana nayo, nywele zake zikakatika.

Makabidhiano yachukue wiki nne. Mbili za kwanza muuzaji yupo kila siku na mnunuzi anajulishwa kwa wateja wanapoingia, kwa jina na uso kwa uso. Wiki ya tatu muuzaji aje Ijumaa na Jumamosi tu, ya nne apatikane kwa simu. Wasusi waambiwe mapema kidogo kuliko wateja, na wahakikishiwe asilimia yao haibadiliki kwa miezi mitatu. Msusi mmoja akihama na wateja wake 40, hesabu yote ya juu imevurugika.

Laini ya simu ya saluni imesajiliwa kwa alama za vidole za muuzaji, hivyo nendeni pamoja duka la mtandao husika kuihamisha. Ukurasa wa Instagram ubadilishwe barua pepe, nywila na namba ya uthibitisho mkiwa mmekaa pamoja. Na kabla ya kufungua mlango asubuhi ya kwanza, bandua stika ya lipa namba ya zamani ukutani na kwenye kila kioo, ubandike yako, kisha utume shilingi 1,000 uone jina la nani linatokea.