"Kutu ya bodi tu" kwenye gari lisilo na chesisi

Mnunuzi akiinama kutazama chini ya gari la mkononi hapa Dar es Salaam, dalali huwa na jibu tayari: "Hiyo ni kutu ya bodi tu, chesisi iko salama." Nimelisikia kwa Hilux, nimelisikia kwa IST, nimelisikia kwa Premio, kana kwamba magari yote yameundwa kwa namna moja. Kwa Hilux lina ukweli ndani yake. Kwa IST halina, na watu wanatoa mamilioni kwa kuliamini.

Kutu yenyewe haihitaji maelezo marefu. Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka unga mwekundu, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Tuiache hapo, kwa sababu kinachovurugwa ni chesisi.

Hilux, Prado na malori yana chesisi kweli: fremu nzito ya chuma kinene iliyolala chini, halafu bodi imewekwa juu yake na kufungwa kwa boliti. Mlango wa Hilux ukioza, gari bado lina uti wake wa mgongo. IST, Vitz, Premio na magari mengi madogo tunayoendesha mjini hayana fremu hiyo. Bati la sakafu, nguzo za milango, paa na maboksi yaliyo chini ya milango vimechomelewa pamoja vikawa kitu kimoja, na hicho kitu kimoja ndicho kinachobeba injini, magurudumu na abiria. Nadhani kinachotuchanganya ni kadi ya gari, maana kila kadi ina namba ya chesisi. Kwenye IST namba hiyo imegongwa kwenye bati la bodi lenyewe. Kwa hiyo mtu akisema bodi ina kutu lakini chesisi ni nzima, kwa gari la aina hii ametaja kitu kimoja mara mbili na kukipa hali mbili tofauti.

Hapo ndipo linapokuja jambo la pili, yaani kutu iliyokaa juu na kutu iliyokula. Wajapani huzitenganisha kwenye karatasi za mnada wa magari: herufi S huonyesha kutu, herufi C huonyesha bati lililoliwa. Mikono ya magurudumu, mabano ya ekzosi na vyuma vingine vinene vinaweza kuwa vyekundu kote na bado vikawa na nguvu zake. Ukisugua kwa brashi ya waya unakuta chuma kigumu chini yake. Bati la bodi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu unene wake ni kama milimita moja, mara nyingi chini ya hapo. Likianza kuliwa halina akiba.

Tena mara nyingi huliwa kutokea ndani. Boksi la chini ya milango ni mabati yaliyochomelewa yakaacha uwazi katikati, na kwa chini yana vitundu vya kutolea maji. Gari linalopita kwenye tope kila masika hujaza vitundu hivyo udongo. Maji yakiingia hayatoki. Anayekaa karibu na bahari, tuseme Kunduchi au Kigamboni, anaongezewa chumvi inayosafiri na upepo, na chumvi ina tabia mbaya: unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, huvuta maji yenyewe na kulowana. Usiku wa Dar hufika hapo mara kwa mara. Ndiyo maana gari ambalo halijawahi kukanyaga mchanga wa ufukweni huoza pia, likiwa limeegeshwa tu nyumbani.

Chukua IST ya 2003 iliyolelewa Kigamboni. Rangi inang'aa, na chini imepuliziwa dawa nyeusi mpya. Dawa hiyo ni nzuri ikipakwa juu ya bati safi, lakini ikipakwa wiki ambayo gari linauzwa ni sababu ya kuchelewa kutoa pesa. Omba lipelekwe gereji yenye shimo, likiwa limeoshwa na kukauka, kisha anzia mbele ya gurudumu la nyuma, pale boksi la chini ya milango linapoishia. Sababu ya kuanzia hapo ni kwamba bimu ya nyuma ya IST, yaani chuma kinachoshika magurudumu ya nyuma, imefungwa kwa boliti kwenye bodi karibu na eneo hilo. Tope linalorushwa na tairi hujikusanya papo hapo.

Gonga boksi kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele kwenda nyuma. Bati zima hulia kwa sauti kavu yenye mlio. Sauti ikifa na kuwa nzito, ama ndani kumejaa tope, ama juu kumepakwa puti. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa chepesi itakujulisha kama ni puti: kwenye bati hunata, kwenye puti nene huteleza. Kisha bonyeza kwa dole gumba kando ya sehemu ya kuwekea jeki. Ikibonyea au ikitoa magamba, hapo pameliwa. Usichome bisibisi bila ruhusa ya mwenye gari, na kwa kweli huhitaji kuchoma.

Tuseme kwenye gari hili upande wa kulia unalia vizuri mpaka mwisho, lakini wa kushoto sauti inakufa shubiri moja kabla ya gurudumu, na sumaku inateleza hapo hapo. Juu yake, kwenye ukingo wa bodi unaozunguka tairi, rangi ina malengelenge madogo. Malengelenge hayo ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo husukuma rangi kutoka chini. Lengelenge lililo katikati ya boneti, pale jiwe lilipogonga, lilianzia nje na laweza kupigwa msasa. Lililo kwenye ukingo wa chini limekuja kutoka upande wa pili wa bati, na ukilipasua huenda ukaona tundu.

Kabla ya kutoka, inua kapeti miguuni kwa dereva na abiria, na uinue tairi la spea kwenye buti. Sakafu yenye unyevu au michirizi myekundu kwenye maungio ya bati hutoa jibu lile lile. Kuna sehemu za ndani ya boksi ambazo hutaziona bila kamera ndogo ya waya, kwa hiyo majibu mazuri hapa yanapunguza hofu tu, hayaimalizi.

Gari hili la mfano halihitaji msasa na rangi. Linahitaji fundi bati akate eneo lililooza mpaka afike kwenye bati zima, achomelee bati jipya, na akague pale bimu inaposhikwa. Kama kutu imefika kwenye mashiko ya bimu, mimi ningeliacha kwa bei yoyote. Kama haijafika, gharama ya kukata na kuchomelea inatoka kwenye bei ya muuzaji.

Na dalali akirudia kwamba ni kutu ya bodi tu, hakuna haja ya kugombana naye. Mwulize kwa upole akuonyeshe chesisi ya IST hiyo iko wapi, kisha mshuke wote wawili shimoni mkagonge boksi la kushoto.