Chora mistari miwili ya maji: kisima, choo cha shimo na kilicho katikati yao

Michoro mingi ya mkato wa ardhi ninayoletewa niikague ina kisima upande mmoja, choo cha shimo upande wa pili, tabaka mbili tatu za udongo, na mshale ulioandikwa mita 30. Mshale huo ndio unaotazamwa na kila mtu. Mimi huanza kwingine: chini ya shimo la choo, kuona maji ya ardhini yanapanda hadi wapi mvua zikikolea. Mara nyingi mchoro una mstari mmoja tu wa maji, uliopimwa kiangazi kwa sababu visima huchimbwa kiangazi.

Chukua mkato huu. Juu kuna mita moja ya udongo wa juu. Chini yake ni mchanga mwembamba, mpaka kina cha mita 4. Kati ya mita 4 na 4.5 umepita utepe wa changarawe, kisha mchanga mwembamba unaendelea hadi mita 10. Kisima kina mita 9, shimo la choo mita 3, na umbali kati yao ni mita 20. Kiangazi maji yako mita 7.5 chini. Masika yanapanda hadi mita 3.5.

Kiangazi, majimaji ya choo hushuka mita 4.5 za udongo usiojaa maji kabla ya kuyafikia maji ya ardhini. Hapo ndipo kazi kubwa ya usafi inapofanyika. Majimaji hupita polepole katika vitundu vidogo kwa sababu vile vikubwa vina hewa. Mayai ya minyoo hunaswa mapema kwa kuwa ni makubwa, bakteria hung'ang'ania chembe za udongo na kufa, na virusi pia hupungua, ingawa ni vidogo mno na hustahimili muda mrefu zaidi.

Yakishafika kwenye maji, safari inakuwa ya mlalo, na mwendo wake unakadiriwa hivi:

```
v = K × i / n
```

K ni upenyezaji wa tabaka, i ni mteremko wa maji yenyewe, n ni sehemu ya udongo ambayo ni nafasi za kupitishia maji. Kwa mchanga wetu tuseme K ni mita 5 kwa siku, i ni 0.01 na n ni 0.25. Jibu ni mita 0.2 kwa siku, kwa hiyo mita 20 zinachukua siku 100. Wataalamu wengi huhesabu siku 50 kuwa muda wa kutosha kwa hatari ya vijidudu kuwa ndogo sana.

Sasa njoo masika. Maji yamepanda yakaufunika ule utepe wa changarawe ambao kiangazi ulikuwa mkavu, na kutoka kitako cha shimo hadi kwenye maji imebaki nusu mita tu. Changarawe yenye K ya mita 100 kwa siku hupitisha maji mita 4 kwa siku. Mita 20 zilezile sasa ni siku 5! Nusu mita ya changarawe ndiyo inayoamua hatari yote, na ukiyachora matabaka kwa kukisia, hiyo ndiyo utakayoiruka. Kwa hiyo mchimbaji aulizwe aliona nini kila nusu mita, tena siku hiyohiyo, kabla udongo uliotolewa haujachanganyika.

Kuhamisha choo hakutoshi hapa. Kwa mwendo huo siku 50 ni mita 200, na viwanja vichache vina nafasi hiyo. Afadhali kukiinua: chimba mita 1.5 tu, kisha ujenge kuta za shimo juu ya ardhi kwa mita 1 au zaidi, ukizisakafia zisivuje ubavuni. Kitako sasa kiko mita 2 juu ya maji ya masika, zaidi ya mita 1.5 ambazo miongozo mingi huzitaka. Nitreti bado itapita, kwa kuwa mchanga hauizuii. Na kama chini kuna mwamba wenye nyufa, hesabu hii isitumike kabisa, maana maji hukimbia ndani ya nyufa bila kuchujwa.

Kuna njia moja zaidi ambayo wachoraji huisahau, nayo haihitaji choo kuwa karibu: uwazi nyuma ya ukuta wa kisima. Maji machafu ya juu hutelemka humo moja kwa moja. Kwenye mchoro, onyesha kama mita 3 za juu zimezibwa kwa zege au udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa.

Vipimo vya maji husaidia kuzitofautisha njia hizi. Bakteria wa kinyesi wakiruka juu saa chache baada ya mvua kubwa kisha wakashuka, shuku ukuta kwanza. Nitreti na kloridi zikikaa juu mwaka mzima kuliko visima vya jirani visivyo na vyoo karibu, uchafu unapita ardhini. Bakteria wakichelewa siku kadhaa, wakapanda maji yakiwa juu na kudumu hadi yashuke, tafuta changarawe. Pima basi kina cha maji siku ileile unapochukua sampuli, la sivyo hutajua matokeo yako ni ya mstari upi.