Kitabu cha dini kisicho na tusi bado kinaweza kupotosha

Wiki hii nimeulizwa tena na mwalimu wa hapa Dodoma kama kitabu fulani cha dini kinafaa, na kabla sijafungua mdomo akanijibia mwenyewe: "Nimekipitia chote, hakuna mahali kinapomtukana mtu." Walimu wakuu huniambia hivyohivyo, wajumbe wa kamati za shule pia. Mtu anapekua kurasa akitafuta "kafiri" au "mpagani", asipoyaona anafunga kitabu na kukipitisha. Matusi katika vitabu vya shule siku hizi ni haba. Upendeleo haujapungua. Uko ndani ya sentensi zenye adabu kabisa, na mwenye kutafuta matusi hawezi kuziona.

Nianze na lisilo upendeleo, maana hapa ndipo watu wanaponichosha zaidi. Shuleni kwetu kitabu cha dini huandikwa na watu wa dini hiyo kwa ajili ya watoto wa dini hiyo. Kitabu cha Elimu ya Dini ya Kiislamu kikisema Nabii Isa ni mtume wa Mwenyezi Mungu na si mwana wa Mungu, kinafundisha Uislamu. Kitabu cha Kikristo kikisema wokovu unapatikana kwa Yesu Kristo, kinafundisha Ukristo. Nimeshawaona walimu wenye nia njema wakitaka sentensi kama hizo zifutwe ili kitabu kisimkwaze mtu. Ukizifuta hakibaki kitabu cha dini. Mafundisho ya imani ni haki ya kitabu hicho, na mzazi aliyempeleka mtoto kwenye kipindi hicho anayatarajia.

Tatizo linaanza pale kitabu kinapoacha kusema "sisi tunaamini" na kuanza kusema "wao hufanya". Kinapoeleza watu wengine na mambo yaliyotokea, kinaingia kwenye habari zinazoweza kupimwa kama ni za kweli. Hukumu ya imani iache. Maelezo ya habari yapime. Kitabu cha Kiislamu kikisema kutambikia mizimu ni shirki kwa Mwislamu, hiyo ni hukumu yake. Kikisema Wagogo huabudu mawe, hapo kimesema uongo: kwa Wagogo Muumba ni Mulungu, na mawe ya mvua yaliyowekwa na mtemi yalikuwa vyombo vya tambiko la mvua, hayakuwa Mungu wao.

Sasa tuchukue kifungu kimoja tukichambue. Nimekitunga mwenyewe ili nisimwonee mwandishi yeyote, lakini mtu aliyewahi kufundisha historia ya dini atakitambua mara moja:

"Waarabu Waislamu walivamia vijiji vya bara na kuwakamata watu. Mateka walipitishwa Ugogo na Mpwapwa hadi pwani. Wamisionari Wakristo waliona mateso hayo wakaukomesha utumwa. Baadhi ya wafanyabiashara wa Kizungu nao walinunua watumwa kwa ajili ya mashamba ya visiwani."

Hakuna tusi. Hata Wazungu wametajwa, kwa hiyo msomaji wa haraka ataona kimetenda haki. Chukua karatasi, uigawe safu tatu: kitendo, aliyekitenda, na jinsi alivyotajwa. Waliokamata watu wametajwa kwa dini yao. Waliokomesha wametajwa kwa dini yao. Walionunua watumwa kwa ajili ya mashamba wametajwa kwa rangi yao, dini imeachwa, tena wamepunguzwa kwa neno "baadhi" ambalo wale wa sentensi ya kwanza hawakupewa. Mtoto wa darasa la sita hatayachambua hayo. Ataondoka na picha moja tu: dini ile iliteka, dini hii ilikomboa.

Rudi kwenye matukio uone sentensi hizo zimeacha nini. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya kisiwa ambacho leo ni Morisi. Muuzaji alikuwa Mwislamu, mnunuzi akatoka nchi ya Wakristo. Ukimwita wa kwanza kwa dini, mwite na wa pili kwa dini. La sivyo waite wote wawili kwa kazi yao, mtawala na mfanyabiashara. Huku bara nako wapo watawala na wafanyabiashara waliouza mateka wa vita, na wengi wao hawakuwa Waislamu wala Wakristo. Kitabu kinachomtaja Mwarabu peke yake kimewafuta watu hao wote.

Sentensi ya tatu nayo ina shida. Misheni ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1868, kweli iliwapokea watumwa waliokombolewa, na kitabu kina haki ya kulisema hilo kwa fahari. Lakini soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini mwaka 1873 akishinikizwa na Uingereza, na Tanganyika sheria iliyofuta utumwa ilikuja mwaka 1922. Kati ya miaka hiyo miwili Wajerumani walitawala na hawakuufuta utumwa moja kwa moja. "Wakaukomesha" inaziba karibu miaka 50 ambayo watu waliendelea kuwa watumwa, mingi yake chini ya utawala wa Kizungu.

Usidhani ugonjwa huu ni wa upande mmoja. Geuza safu zilezile zikague kitabu cha Kiislamu kwenye sura ya ukoloni. Utakutana na kitu kama "wakoloni Wakristo wa Kijerumani walikuja kuuangamiza Uislamu." Hapa tena mtawala ametajwa kwa dini. Lakini serikali ile ya Wajerumani ilitumia maliwali na maakida, wengi wao Waislamu wa pwani, na ilifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892 isiyofundisha dini, mpaka baadhi ya wamisionari wakalalamika kwamba serikali inausaidia Uislamu kuenea. Ukoloni ulikuwa dhuluma. Kuueleza kama vita vya dini moja dhidi ya nyingine ni kumnyima mtoto sababu zake halisi: ardhi, kodi, kazi za shuruti, pamba.

Kwa hiyo swali la kwanza la ukaguzi wangu ni hili: watendaji wa mabaya wametajwa kwa dini, na watendaji wa mema je? Ukipata muda wa kuuliza swali moja tu, uliza hilo, na anza na sura ya historia.

Swali la pili ni la wakati wa kitenzi. Karibu kila kitabu nilichokishika kinaeleza dini za jadi kwa wakati uliopita: waliamini, walitambika, waliogopa mizimu. Kisha sura inafungwa na dini mbili zilizokuja zinaendelea kwa wakati uliopo. Mwalimu wa Kondoa aliye karibu na Kolo ana ushahidi wa kupinga hilo mlimani. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya mapango bado yana uhusiano na matambiko ya watu wanaoishi jirani. Mungomi wa Kolo ni pango la namna hiyo. Watu hupanda kuomba mvua na uponyaji. Warangi wengi ni Waislamu. Basi mtoto wa Kirangi anayesoma kwamba mambo haya "yalikuwa yakifanywa zamani na watu wasiojua dini" anasomeshwa kwamba babu yake aliye hai hayupo, au kwamba hajui dini, na vyote viwili anajua si kweli.

Wapo wazazi wanaoogopa kwamba ukiandika "hutambika" badala ya "walitambika" unawahimiza watoto watambike. Hofu hiyo naielewa ila sikubaliani nayo. Wakati uliopo unasema jambo linafanyika. Kama kitabu kinataka kulikataza, kina sentensi inayofuata ya kulikataza waziwazi, kwa hoja za imani yake.

Swali la tatu ndilo linalonipa mashaka. Chukua kila sentensi inayoanza na "Waislamu hu-" au "Wakatoliki hu-" uisome mbele ya mwenye imani hiyo, umuulize kama anajitambua humo. Mkatoliki akisomewa kwamba huabudu sanamu atakataa. Atakuambia huheshimu watakatifu na humwabudu Mungu peke yake. Mkristo akisomewa kwamba huamini miungu watatu atakataa. Mwislamu akisomewa kwamba humwabudu Muhammad atashtuka. Sentensi hizo hazistahili kubaki, hata kama mwandishi anaamini kwamba Mkatoliki anakosea au fundisho la Utatu halina mantiki. Anaweza kuandika "sisi tunaona kwamba kuinama mbele ya sanamu kunafanana na kuabudu." Hiyo ni hoja, na mwanafunzi anajua ni ya nani.

Mashaka yangu ni haya: unamuuliza nani? Mlokole na Mwanglikana hawatajibu sawa kuhusu ubatizo wa watoto. Msuni na Mwithnashari hawatajibu sawa kuhusu uongozi baada ya Mtume. Ukimuuliza mmoja umewaacha wengine, na mara nyingi shule inamjua yule mmoja tu aliye karibu. Sina dawa kamili. Mimi huridhika sentensi ikipata watu wawili wa madhehebu tofauti wasioikataa, na bado najua nimewakosa wengine.

Picha na maswali ya zoezi sitayachukulia muda mrefu. Kwenye picha angalia nani kavaa vizuri na yuko darasani, nani yuko porini na ngozi kiunoni. Kwenye maswali tafuta yanayomlazimisha mtoto aandike upendeleo ili apate alama: "Taja hasara tano za dini za jadi" bila swali la faida. Maswali ni mabaya kuliko maandishi, maana mtoto atayakariri kwa ajili ya mtihani.

Hapo ndipo mwalimu ananiuliza: kikifeli tufanye nini, na ndicho pekee tulichonacho? Mara nyingi hamna fedha za kingine, nalijua hilo. Usikichome wala usikifiche. Chukua sentensi zilizofeli, ziandike upya kwenye karatasi, bandika ndani ya jalada la kila nakala, na umtajie mwanafunzi ukurasa. Kwa kile kifungu cha utumwa naandika hivi: "Wafanyabiashara na watawala wa pwani na bara, wakiwemo Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, waliuza watu. Wanunuzi walikuwemo Wafaransa na Waarabu wenye mashamba. Misheni kama ya Bagamoyo ziliwapokea waliokombolewa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922." Kisha zoezi: wanafunzi walinganishe maandishi mawili, waseme ni nani ametajwa kwa dini katika la kwanza na kwa nini. Vipindi viwili vinatosha.