Mkojo unaotoka wenyewe si dalili ya kupona: maswali kuhusu kibofu baada ya kuumia uti wa mgongo

Maswali haya ninaulizwa karibu kila juma na wagonjwa pamoja na watu wanaowauguza hapa Bukavu. Wengi wameanguka kutoka juu ya mti wa parachichi, wamegongwa na pikipiki au wamepigwa risasi.

Kaka yangu aliumia mgongo, tumbo halikuguswa. Kwa nini mkojo nao umekataa kutoka?

Kibofu hakijitawali. Kinapojaa hutuma habari kwenye ubongo kwa njia ya uti wa mgongo, na ubongo hujibu kwa njia hiyo hiyo: kuta za kibofu zikaze, na wakati huo huo msuli unaobana mlango wake ulegee. Uti wa mgongo ukikatika au kubanwa, habari hizo hazipiti tena.

Majuma ya kwanza kibofu hulala kabisa, hujaa bila kukaza. Baadaye inategemea mahali palipoumia. Jeraha likiwa sehemu ya chini kabisa, kiunoni, mara nyingi kibofu hubaki kimelegea kama mfuko. Likiwa juu zaidi, kifuani au shingoni, kibofu huanza kukaza chenyewe bila amri, lakini mlango nao hubana badala ya kulegea. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mtu upande wake: mkojo kidogo huponyoka, na mwingi hubaki ndani ukiwa umebanwa kwa nguvu.

Baada ya miezi mitatu mkojo umeanza kutoka wenyewe. Si amepona? Tutoe sonde, ule mpira wa kutolea mkojo?

Hapana. Mkojo unaotoka wenyewe kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, mara nyingi ni mkojo unaofurika. Bidoni ikijaa mpaka mdomoni, ukiongeza kikombe kimoja, kikombe kimoja kitamwagika. Hakuna atakayesema kwamba bidoni ni tupu kwa sababu chini pamelowa. Swali si kama mkojo unatoka. Swali ni kiasi gani kimebaki ndani.

Kijana mmoja wa miaka 27, aliyekuwa akiendesha pikipiki ya abiria, aliletwa kwetu mwezi wa tano baada ya ajali. Familia ilifurahi kwa sababu tangu mwezi wa tatu alikuwa akilowesha kitambaa kila nusu saa, na katika kituo kimoja cha afya walikuwa wameambiwa kwamba mishipa imeanza kuamka, basi sonde ikatolewa na hawakupewa njia nyingine. Alikuwa na homa iliyokuja na kwenda. Nilimwomba kwanza akojoe kadiri awezavyo. Zikatoka mililita 80, naye akasema amemaliza. Kisha tukapitisha sonde. Ndani zilikuwa zimebaki mililita 900. Mtu mwenye afya huhisi haja kubwa ya kukojoa kwenye mililita 400 au 500, kwa hiyo kijana huyu alikuwa akibeba karibu mara mbili ya hizo, mchana na usiku, bila kuhisi chochote. Ekografia ilionyesha figo zote mbili zimevimba kwa mkojo unaorudi juu.

Lakini yeye hasikii maumivu yoyote. Kama figo zingeharibika si angelisikia?

Asingesikia. Jeraha lililomwondolea hisia za miguu limemwondolea pia hisia za kibofu, na figo huharibika kimya hata kwa mtu asiyeumia. Ukingoja maumivu, utangoja mpaka uso uvimbe na damu ijae sumu, na hapo hakuna sonde itakayorudisha figo. Nasema tena kwa wale wanaonijibu kwamba anakojoa vizuri: kitambaa kilicholowa hakipimi kitu. Pimeni kilichobaki.

Kwa nini tusimwachie sonde ya kudumu yenye mfuko? Haina kazi nyingi.

Katika siku za kwanza hospitalini inafaa, na wapo watu wachache ambao hawana njia nyingine. Lakini mpira unaokaa ndani usiku na mchana ni ngazi ya vijidudu, huleta mawe kwenye kibofu, na kwa mwanamume unaweza kumkata njia ya mkojo kutoka ndani. Nimetoa sonde zilizokaa miezi minne bila kubadilishwa, ncha yake imeshika mawe kama chungu cha zamani. Kutoa mkojo kwa vipindi, yaani kuingiza sonde, kumwaga, na kuiondoa mara moja, kunakifanya kibofu kijae na kuwa tupu kama ilivyokuwa zamani. Hicho ndicho tunachokifundisha.

Mkwe wangu anamkandamiza tumbo ili mkojo utoke. Ni vibaya?

Ni vibaya, aache. Mlango ukiwa umebana, anachokisukuma kinapanda kwenye figo.

Mtu anajiingiziaje sonde mwenyewe? Si kazi ya muuguzi?

Ni kazi ya mikono miwili iliyo safi. Tangu mwaka 1972, daktari wa Marekani Jack Lapides alipoonyesha kwamba usafi wa sabuni na maji unatosha nyumbani, si lazima tena glavu za upasuaji wala chumba maalumu. Kinachokinga kibofu zaidi ni kukitoa mkojo kwa wakati, maana kibofu kilichotanuka kupita kiasi hukosa damu ya kutosha kwenye kuta zake, na vijidudu hupata pa kukaa.

Kwa mwanamume tunatumia sonde laini iliyonyooka, namba 12 au 14. Huketi, huweka chombo cha kupimia karibu, hunawa mikono kwa sabuni, huosha kichwa cha uume akiwa amerudisha ngozi nyuma kama hajatahiriwa, kisha hupaka sonde jeli inayoyeyuka kwa maji. Siyo mafuta ya mgando, siyo mawese, siyo sabuni. Yote hayo nimeyakuta. Huinua uume kuelekea tumboni ili njia inyooke, na huingiza sonde polepole. Karibu na mwisho atahisi kizuizi: huo ndio mlango unaobana. Hapo hasukumi kwa nguvu. Hungoja, huvuta pumzi ndefu, huitoa taratibu, huku akiendelea kuigandamiza sonde kidogo sana, na mlango hulegea. Mkojo ukianza kutoka huongeza sentimita mbili au tatu, hungoja uishe, halafu huvuta sonde taratibu, akisita kila mkojo unapoanza kutoka tena. Ngozi irudishwe mbele. Ikisahauliwa nyuma, kichwa huvimba.

Kwa mwanamke njia ni fupi, kama sentimita nne tu, lakini kuiona ni shida. Mwanzoni tunampa kioo kidogo, naye hujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma. Sonde ikiingia ukeni kwa makosa, aiache palepale iwe alama, achukue nyingine safi na kuiingiza juu yake. Baada ya siku chache kidole chake kitaijua njia bila kioo.

Aliyeumia shingo na vidole havimtii, hufanyiwa na mtu wa nyumbani aliyefundishwa.

Mara ngapi kwa siku, na anywe maji kiasi gani?

Anywe lita moja na nusu hadi mbili, zikigawanywa mchana kutwa, na atoe mkojo kila saa nne hadi sita ili kisipatikane kipimo kinachozidi mililita 500. Yule kijana tulimpangia saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, naye aliandika kila kipimo kwenye daftari la shule. Juma la kwanza vipimo vya mchana vilikuwa kati ya 300 na 400, ila kile cha asubuhi kilifika 650. Tulichunguza sababu mbili. Alikuwa akinywa chai vikombe viwili vikubwa saa 3 usiku; na kwa kuwa alikuwa akiketi siku nzima, miguu yake ilivimba, na alipolala maji yale yalirudi kwenye damu na figo zikayatengenezea mkojo. Akaacha kunywa tangu saa 1 usiku, akaanza kulala na kuinua miguu saa moja kila alasiri. Kipimo cha asubuhi kikashuka hadi 450.

Wapo wanaokata maji ili wasihangaike na sonde. Mkojo huwa mzito, mawe huja, na mwishowe hunitembelea wakiwa na homa.

Sonde ni ghali. Tunaweza kuiosha na kuitumia tena?

Anayeweza kupata mpya kila mara, atumie mpya. Wengi hapa hawawezi, kwa hiyo tunawafundisha kuiosha kwa maji safi na sabuni mara tu baada ya kuitumia, kupitisha maji ndani yake, kuikung'uta, kuikausha, na kuiweka kwenye chombo safi kikavu chenye kifuniko. Isichemshwe kama ni ya plastiki, hupinda. Ikikakamaa, ikipasuka au ikibadilika rangi, itupwe. Sonde ni ya mtu mmoja, kama mswaki.

Mkojo wake unanuka. Ninunue siprofloksasini?

Usinunue. Karibu kila mtu anayetumia sonde ana vijidudu kwenye mkojo, na visipomsumbua havitibiwi. Dawa inayomezwa kila mkojo unaponuka, siku ya ugonjwa wa kweli haitafanya kazi. Harufu peke yake, anywe maji na ahesabu saa zake. Homa, baridi ya kutetemeka, au miguu kuanza kurukaruka kuliko kawaida, aje siku hiyo hiyo. Aje pia kama damu inatiririka, au sonde imekataa kuingia mara mbili: asilazimishe, atajitoboa njia ya uongo.

Na aliyeumia kifuani juu au shingoni, akishikwa ghafla na kichwa kinachogonga, jasho na wekundu usoni, msingoje hospitali. Mketisheni wima, fungueni nguo zinazobana, toeni mkojo papo hapo. Shinikizo lake la damu linapanda, mara nyingi kwa sababu kibofu kimejaa. Kichwa kisipotulia mara moja, mpelekeni.

Sasa ni mwaka. Kati ya sonde na sonde mkojo unatoka wenyewe zaidi kuliko zamani. Bado tu aendelee?

Bado. Akishalowa, aingize sonde wakati huo huo na kupima kilichobaki, afanye hivyo siku tatu mfululizo na kuandika. Yule kijana alinijia na swali hili hili mwezi wa kumi na tatu, na daftari lake lilionyesha 350, 400, 380. Kama namba zingekuwa chini ya 100 kila mara, tungezungumza na daktari, naye angetazama figo kwa ekografia kabla ya kupunguza hata kipindi kimoja, maana kibofu kinaweza kumwaga mkojo wote huku kikiwa kimekaza kwa nguvu inayoumiza figo. Kwa 350, nilimrudishia daftari na sonde nyingine tano.